Jino limetunga usaha, shavu limevimba, lakini maumivu yamekata. Aendelee na dawa za maumivu au anahitaji antibayotiki?

Mwana Ruvuma (Ijumaa, saa 3 asubuhi)

Wakuu habari za asubuhi. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kwa haraka kidogo, ni kuhusu mdogo wangu, ana miaka 34, yuko kijijini huko Tunduru.

Gego la chini kushoto lina tundu tangu mwaka jana. Jumatatu lilianza kuuma vibaya, halali. Akanunua diklofenaki ya miligramu 50, akawa anameza asubuhi, mchana na jioni. Jumatano usiku maumivu yakakata ghafla, tukajua amepona. Jana Alhamisi ameamka shavu limevimba, na leo limeongezeka. Jana hiyohiyo dukani wakampa na rangi mbili, anameza mbili asubuhi na mbili jioni. Hospitali yenye daktari wa meno ni mwendo wa saa 3 kwa bodaboda. Anasema kwa kuwa haumwi sana, amalizie dawa kwanza, safari aiweke wiki ijayo. Mnasemaje?

---

Babu Kete (saa 3:20)

Mkuu, jino likiwa limevimba haling'olewi. Hapo aongeze flajili kwenye hizo rangi mbili, anywe siku 5 mpaka uvimbe uishe kabisa, ndipo aende kung'oa. Aking'oa sasa hivi usaha unapanda kichwani. Na ganzi haitashika, atateseka bure.

---

Tabibu Kinywa (saa 3:35)

Mwana Ruvuma, kabla hatujazungumza dawa, mpigie simu sasa hivi umwambie afanye mambo manne, kisha urudi hapa na majibu.

Kwanza, afungue mdomo kadiri awezavyo, apime kwa vidole vyake mwenyewe vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine katikati ya meno ya mbele. Vinapita vitatu, viwili au kimoja? Pili, amtafute mtu amguse chini ya taya, kuanzia pembe ya taya mpaka chini ya kidevu. Uvimbe umeishia shavuni au umeshuka huko? Ni laini au mgumu kama ubao? Tatu, anameza mate yake vizuri? Ulimi unakaa mahali pake au anahisi umesukumwa juu? Nne, usiku alisikia baridi au kutetemeka?

Hilo la kwamba haumwi sana lisiwafariji. Nitaeleza kwa nini ukirudi.

---

Mama Shani (saa 3:50)

Samahani naingilia, na mimi nina swali kama hilo. Kwangu ni jino la juu mbele. Juu yake kwenye fizi kuna kijipu kidogo, kinajaa, kinapasuka, kinatoa usaha kidogo wenye chumvi, kinapotea, baada ya wiki mbili kinarudi. Hakiumi. Nimeshameza amoksilini dozi tatu tofauti mwaka huu. Ninunue antibayotiki gani iliyo kali zaidi?

---

Mwana Ruvuma (saa 4:10)

Tabibu asante sana. Vidole viwili vinapita kwa shida. Uvimbe umeshuka chini ya taya upande wa kushoto, mkewe anasema ni mgumu na una joto, lakini katikati chini ya kidevu pako sawa. Mate anameza ila koo linauma upande mmoja. Ulimi uko sawa. Usiku alitetemeka na kutoka jasho, asubuhi kawa sawa baada ya kumeza diklofenaki.

---

Tabibu Kinywa (saa 4:30)

Basi jibu ni hili: huyu anahitaji antibayotiki kweli, na anahitaji kusafiri leo. Akimeza vidonge akabaki kijijini, bado hajatibiwa.

Sasa kwa nini maumivu yalikata. Ndani ya jino kuna kiini chenye mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na kiini hicho kimefungiwa katika kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kwendea, ndiyo maumivu yale ya Jumatatu. Kikishakufa, mshipa wa fahamu umekufa nacho. Usaha nao unajikusanya kwenye ncha ya mzizi ndani ya mfupa, unabana, mwisho unatoboa mfupa na kumwagika kwenye nyama. Presha ikishuka, maumivu yanashuka. Kwa hiyo Jumatano usiku inaelekea usaha ulipata njia ya kutoka kwenye mfupa na kuanza kusambaa, na ndiyo maana asubuhi yake shavu likaja juu.

Diklofenaki haikufanya kosa lolote, ilifanya kazi yake. Inapunguza kemikali ambazo mwili unazitoa na kusababisha maumivu, uvimbe na homa. Kwa bakteria haifanyi chochote. Na kwa kuwa inashusha homa, imewaficha dalili mliyokuwa mnaihitaji. Kutetemeka kwake usiku ni ile homa iliyojitokeza dawa ilipopungua mwilini.

Halafu kuna jambo la magego ya chini. Ncha za mizizi ya magego mawili ya mwisho mara nyingi ziko chini ya mstari ambapo msuli wa sakafu ya mdomo umejishika kwenye taya. Usaha ukitokea upande wa ndani, hauji kinywani, unashuka chini ya taya. Kutoka hapo una njia ya kwenda chini ya ulimi na shingoni. Pande zote mbili zikijaa, ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inazibwa. Hali hiyo iliandikwa na daktari Mjerumani, Ludwig, mwaka 1836, na mpaka leo inaua watu kwa kukosa hewa. Mdogo wako hajafika huko. Lakini ana dalili tatu ambazo hazingoji wiki ijayo: uvimbe mgumu uliovuka taya, mdomo unaoanza kufunga, na homa.

Kabla ya kuondoka mkewe achukue kalamu ya wino achore ukingo wa uvimbe kwenye ngozi, aandike na saa. Wakifika, daktari ataona kwa macho umetembea kiasi gani. Njiani, ulimi ukianza kuinuka, mate yakaanza kumtoka kwa kushindwa kumeza, sauti ikabadilika kama mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, au akashindwa kulala chali kwa ajili ya pumzi, waingie hospitali yoyote ya kwanza wanayoikuta, yenye daktari wa meno au isiyo naye. Akae wima, asilazwe.

---

Babu Kete (saa 4:50)

Tabibu nakuheshimu, lakini hilo la kung'oa jino lililovimba limekatazwa tangu zamani. Na ganzi haishiki, hilo nina hakika.

---

Tabibu Kinywa (saa 5:15)

Babu, la ganzi umelishika nusu, na hiyo nusu ni ya kweli. Nyama yenye usaha ina asidi, na dawa ya ganzi ikikutana na asidi, sehemu kubwa yake inashindwa kupenya kwenye mshipa wa fahamu. Ukichoma katikati ya uvimbe, mgonjwa atasikia kila kitu, na sindano inaweza kusukuma uchafu mbele. Lakini kwa gego la chini hatuchomi hapo. Tunachoma nyuma kabisa, ndani ya taya, pale mshipa unapoingia kwenye mfupa, mbali na usaha. Mara nyingi hapo ganzi inashika vizuri.

La usaha kupanda kichwani kwa sababu ya kung'oa ni kinyume. Jino likitoka, shimo lake linakuwa mlango wa usaha kushuka. Ukiliacha siku 5, umeuacha ule mfereji uliojaa bakteria uendelee kulisha uvimbe. Na dawa haiingii humo. Antibayotiki inasafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Hata ndani ya usaha wenyewe inaingia kidogo tu, maana ni dimbwi lisilo na mishipa. Kazi ya antibayotiki ni kulinda nyama iliyo hai pembeni isiendelee kuvamiwa. Chanzo kinaondolewa kwa mkono: kung'oa, kusafisha mfereji wa mzizi na kuuziba, au kupasua jipu usaha utoke.

Kuna mahali ambapo kungoja kuna sababu. Mdomo ukiwa umefunga kiasi kwamba koleo haliingii wala sindano haifiki nyuma, tunapasua usaha kwanza, tunatoa dawa ya mshipani, na jino linafuata siku mbili tatu baadaye mdomo ukilegea. Hapo tumengojea mdomo ufunguke. Uvimbe peke yake si sababu ya kungoja.

---

Babu Kete (saa 5:25)

Hapo nimekuelewa. Ila huku kwetu kituo cha afya ukienda na shavu limevimba wanakurudisha na vidonge. Wengi ndivyo tulivyofundishwa na vituo vyenyewe.

---

Tabibu Kinywa (saa 5:40)

Ni kweli wanarudisha, na mara nyingine mhudumu hana vifaa wala ujuzi wa kuchoma ganzi ya nyuma. Akirudishwa mtu, aombe barua ya rufaa siku hiyohiyo.

Mama Shani, sijakusahau. Hicho kijipu chako ni bomba la kutolea usaha. Jino lilishakufa, mwili umejitengenezea njia, ndiyo maana hakiumi wala huvimbi uso. Kwa hali yako, ukiwa huna homa, antibayotiki haihitajiki, iwe kali au nyepesi. Zile dozi tatu zilikausha mlango tu, chumba cha usaha kimebaki. Unachohitaji ni eksirei ya jino hilo na kusafishwa mfereji wa mzizi. Meno ya mbele ya juu kwa kawaida yana mzizi mmoja na mfereji mmoja, kwa hiyo ni kati ya meno rahisi kuokoa. Usikubali kung'olewa kabla ya kuuliza kama linaweza kuokolewa.

---

Mama Shani (saa 5:55)

Mungu wangu, mwaka mzima nameza dawa. Asante. Na ninanyonyesha, kupigwa eksirei kuna shida?

---

Tabibu Kinywa (saa 6:00)

Haina shida, mionzi haibaki kwenye maziwa. Ganzi pia haizuii kunyonyesha.

---

Duka la Kona (saa 6:30)

Mimi ni mfamasia, niongeze upande wa dawa maana naona mambo mawili yanayoharibika hapa.

La kwanza ni "rangi mbili". Hilo ni jina la ganda, si la dawa. Kuna zaidi ya dawa moja inayouzwa kwenye kapsuli ya rangi mbili. Mwana Ruvuma, mwambie asome maandishi nyuma ya karatasi ya dawa na aende nayo hospitali. Kama ni amoksilini ya miligramu 250, basi mbili asubuhi na mbili jioni ni pungufu. Dozi ya kawaida ya mtu mzima kwa jino ni miligramu 500 kila baada ya saa 8, yaani kapsuli mbili za 250 mara tatu, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Amoksilini inatoka mwilini haraka. Ukiacha saa 12 kati ya dozi, kuna saa nyingi katikati ambapo kiwango kimeshuka na bakteria wanapumua.

Na kabla ya kumeza, aulizwe kama aliwahi kuvimba midomo, kutoka vipele mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya sindano ya penisilini au dawa za jamii hiyo. Kama ndiyo, aache, amwambie daktari, atapewa ya jamii nyingine. Metronidazoli, ndiyo hiyo flajili, huongezwa pale maambukizi yanaposambaa au amoksilini inaposhindwa. Peke yake kwa jino haitoshi, kwa sababu haiui bakteria wote wa jipu. Asiguse pombe akiwa nayo, na kama anatumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema, maana inazipandisha.

La pili ni dawa za maumivu. Asichanganye diklofenaki na ibuprofeni, hizo ni ndugu, zote zinachoma tumbo na kubana figo. Achague moja. Kinachosaidia zaidi kwa jino ni ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula kila saa 8, pamoja na parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya 500, kila saa 6 hadi 8, bila kuzidi vidonge 8 kwa saa 24. Angalieni diklofenaki zinazouzwa zikiwa zimechanganywa na parasetamoli ndani. Mtu anameza hizo, anaongeza panadoli juu, ini linapata mzigo bila yeye kujua. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mjamzito abaki na parasetamoli peke yake mpaka aonwe.

Na tafadhali, msifungue kapsuli na kumwaga unga kwenye tundu la jino, wala kuweka aspirini kwenye fizi. Unga wa kapsuli haufiki kwenye ncha ya mzizi, na aspirini inaunguza fizi mpaka inageuka nyeupe na kuchubuka.

---

Kijana wa Gongo la Mboto (saa 7:10)

Wakuu mimi langu halivimbi, ila nikinywa maji baridi linauma dakika kadhaa, na usiku linadunda lenyewe. Nimeanza amoksilini juzi, bado hali ileile. Niongeze flajili?

---

Duka la Kona (saa 7:25)

Usiongeze, na hiyo amoksilini haitakusaidia hapo. Jino linalosikia baridi bado lina kiini hai. Kimevimba kwa kuoza kulikokaribia, hakuna usaha uliosambaa wa kupigana nao. Dawa za maumivu nilizotaja zitakusogeza siku chache mpaka ufike kwa daktari wa meno, ambaye atatoa kiini au jino. Siku ambayo baridi haiumi tena lakini ukiling'ata linauma na unaliona kama limeinuka kuliko wenzake, ujue limekufa na usaha unaanza. Usingoje mpaka hapo.

---

Mwalimu Kisiwani (saa 8:00)

Swali kwa Tabibu. Chukua mtu mwenye uvimbe mdogo laini kwenye fizi, mdomo unafunguka vizuri, hana homa, lakini daktari wa meno anakuja kisiwani Alhamisi na leo ni Ijumaa. Huyo naye asipewe antibayotiki?

---

Tabibu Kinywa (saa 8:40)

Hapo ndipo hata sisi tunatofautiana. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unasema mtu mzima mwenye kinga nzuri, mwenye jipu la jino lililotulia mahali pamoja, akiweza kutibiwa jino siku hiyo asipewe. Kama matibabu hayapatikani, wanaruhusu. Kwa siku 6 kisiwani mimi ningempa, na ningemwonyesha kipimo cha vidole. Mwenzangu mwingine angempa cheti na kumwambia asinunue mpaka uvimbe uongezeke. Sote tungemwambia asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, na asikande shavu kwa nje kwa kitambaa cha moto, kwa sababu joto la nje linaweza kuvuta usaha utokee kwenye ngozi badala ya kinywani.

Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, anayetibiwa saratani, au mwenye kinga iliyoshuka sana, huyo namwanzishia mapema, lakini jino bado linashughulikiwa haraka vilevile.

---

Mwana Ruvuma (Jumamosi, saa 2 usiku)

Ndugu zangu, walifika jana saa 10 jioni. Ule mstari wa kalamu ulikuwa umepitwa na uvimbe kwa upana wa kidole. Alipimwa homa, nyuzi 38.6. Wamemchoma ganzi nyuma kama Tabibu alivyosema, jino limetoka, wakapasua na ndani ya mdomo upande wa shavu, usaha mwingi wenye harufu kali ukatoka, wakaweka kipande cha mpira ili uendelee kutoka. Wamemlaza, anapata dawa ya mshipani. Leo mdomo unafunguka vidole viwili bila shida. Ila bado kuna bonge gumu chini ya taya. Ni kawaida?

---

Tabibu Kinywa (saa 2:30 usiku)

Pole na hongereni kwa kuondoka mapema. Bonge gumu ni kawaida, linaweza kuchukua wiki moja au zaidi kulegea. Angalia mwelekeo: mdomo uzidi kufunguka, homa isirudi, bonge lipungue. Vikienda kinyume ndani ya siku 2 au 3, kuna usaha uliobaki au dawa hailingani na bakteria, lazima aangaliwe upya. Kubadilisha vidonge tu hakutoshi.

---

Duka la Kona (saa 3 usiku)

Akitoka atapewa vidonge. Kitabu cha antibayotiki cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kinataja siku 3 kama chanzo kimeondolewa, na 5 kama hakijaondolewa. Kwa hiyo akiambiwa dozi fupi asishtuke.

---

Babu Kete (saa 3:10 usiku)

Siku 3? Tumeambiwa miaka yote tumalize dozi siku 7, la sivyo wadudu wanakuwa sugu.

---

Tabibu Kinywa (saa 3:30 usiku)

Usugu unalelewa pia na siku nyingi zisizo na kazi, Babu. Lakini siku 3 ni za jipu la kawaida. Huyu alikuwa na homa na uvimbe uliovuka taya, mimi nisingethubutu kumpangia kutoka hapa. Afuate idadi atakayoandikiwa na waliomwona, na awaulize siku gani wanataka kumwona tena kuangalia na kutoa ule mpira.

---

Mwana Ruvuma (saa 3:45 usiku)

Wamesema Jumatatu asubuhi. Mkewe amechora mstari mpya.